UCHAMBUZI: Kubeti pande mbili, hesabu haina kasoro ila masharti ndiyo mtego

MIONGONI mwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Uingereza, wakiwemo Wakenya wanaosomea huko, kuna njia ya kujipatia pesa ambayo husimuliwa kana kwamba ni siri ya ukoo. Mtu hubeti kwamba timu fulani itashinda, kisha hubeti pengine kwamba timu iyo hiyo haitashinda, na mwishowe hubaki na faida matokeo yawe yawayo.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza hudhani ni ulaghai. Si ulaghai, wala si kinyume cha sheria za Uingereza. Ni hesabu inayoweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili. Hata hivyo, wanaoisimulia huishia pale penye faida na kuyaruka mambo matatu ambayo huwatoa wengi mchezoni: malipo yanayoamuliwa kwa kanuni zisizofanana, dau linalokatwa ghafla na akaunti inayofungwa.

Kubeti pande mbili kuliwezekana baada ya mwaka wa 2000, pale kampuni ya Betfair iliyoanzishwa jijini London na Andrew Black na Edward Wray ilipofungua soko la kubetiana. Kabla ya hapo, mteja wa kawaida aliweza tu kuchagua atakayeshinda, na kampuni ya kamari ikawa upande wa pili. Katika soko hilo, wateja hubetiana wao kwa wao. Mmoja anasema timu itashinda, mwingine anasema haitashinda, na mwenye soko hukata ada kidogo kutoka kwa yule aliyepata faida. Ada hiyo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2001, serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa asilimia 9 ambao wateja walikuwa wakikatwa kwa dau zao, na badala yake ikazitoza kampuni. Bila hatua hiyo hesabu tutakayoieleza isingetoka. Ni jambo ambalo msomaji wa Kenya anafaa kulitia akilini, kwani tutalirejelea.

Kiini cha faida si mechi bali ni zawadi. Kampuni za kamari hung'ang'ania wateja kwa kuwapa dau la bwerere: weka pauni 20 zako kwanza, nasi tutakupa dau jingine la pauni 20 bila malipo. Kampuni hutarajia kwamba mteja atalipoteza dau hilo kisha azoee kurudi na pesa zake mwenyewe. Anayebeti pande mbili huchukua zawadi, akaigeuza kuwa pesa taslimu, akaenda zake.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja aliyeona tangazo la aina hiyo. Sharti la kwanza ni kubeti pauni 20 zake mwenyewe. Anachagua timu ya nyumbani katika mechi ya soka, ambayo kampuni imeipa odi ya 2.50, yaani kila pauni moja itarudi pauni mbili na nusu timu hiyo ikishinda. Katika soko la kubetiana, odi ya timu hiyo kutoshinda inapatikana kwa 2.56, na ada ya soko ni asilimia 5.

Swali ni aweke dau la kiasi gani sokoni ili pande zote mbili zilingane. Anazidisha 20 kwa 2.50 na kupata 50, kisha anaigawa kwa 2.51, ambayo ni odi ya soko ikiwa imepunguzwa ile ada. Jibu ni pauni 19.92. Kwa kuwa anasimama upande wa kumlipa mwenzake iwapo timu itashinda, soko linashikilia pauni 31.08 katika akaunti yake kama dhamana.

Timu ikishinda, kampuni inampa faida ya pauni 30 na soko linachukua pauni 31.08. Isiposhinda, kampuni inabaki na pauni zake 20, nalo soko linamlipa pauni 18.92 baada ya ada. Kwa vyovyote vile amepoteza pauni 1.08. Hiyo ndiyo nauli ya kuifikia zawadi.

Sasa amepewa dau la bwerere la pauni 20. Dau la namna hii huwa na sharti lake: mteja akishinda hulipwa faida peke yake, lile dau lenyewe halirudi. Ndiyo maana wenye ujuzi hulitumia kwenye odi kubwa. Mwanafunzi wetu anachagua mchezaji wa tenisi asiyepewa nafasi kubwa, mwenye odi ya 5.00 kwenye kampuni na 5.20 sokoni.

Safari hii anaigawa ile faida anayotarajia ya pauni 80 kwa 5.15, na kuweka pauni 15.53 sokoni. Dhamana inayoshikiliwa sasa ni pauni 65.23. Mchezaji akishinda, kampuni inamlipa pauni 80 na soko linachukua pauni 65.23, hivyo anabaki na 14.77. Akishindwa, dau la bwerere linapotea bila kumuuma, na soko linampa pauni 14.75. Ukiondoa nauli ya pauni 1.08, ametia kibindoni takriban pauni 13.67.

Msomaji atazame tena takwimu hizo mbili: ili apate pauni 13.67, ilimbidi awe na zaidi ya pauni 65 zilizofungiwa sokoni. Uwiano huo ndio unaoamua ukubwa wa maumivu pindi jambo linapokwenda mrama, na wanaouza mafunzo ya mbinu hii mitandaoni hawapendi kuutaja.

Hesabu yote imejengwa juu ya dhana moja, kwamba kampuni na soko zitaamua mechi kwa namna moja. Kwa kawaida ndivyo inavyokuwa. Lakini kila upande una kitabu chake cha kanuni, na vitabu hivyo havikuandikwa na mtu mmoja.

Tenisi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Tuseme yule mchezaji asiyepewa nafasi ameshindwa katika seti ya kwanza, kisha katikati ya seti ya pili mpinzani wake anaumia kifundo cha mguu na kujiondoa. Kwa kanuni za Betfair, seti moja ikishakamilika, anayesonga mbele ndiye mshindi. Kwa hivyo sokoni mchezaji wetu ameshinda, na zile pauni 65.23 zimeondoka.

Kwenye kampuni ya kamari mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Zipo zinazolipa mradi mpira mmoja umechezwa, zipo zinazotaka seti moja ikamilike, na zipo zinazotaka mechi yote ichezwe hadi mwisho, la sivyo dau linafutwa. Iwapo mwanafunzi alikuwa kwenye kampuni ya aina hiyo ya mwisho, dau lake limefutwa. Hana pauni 80 za kufidia hasara, na huenda hata lile dau la bwerere lisirudishwe.

Amepoteza pauni 65.23 pamoja na nauli ya pauni 1.08. Kwa faida ya pauni 13.67 kila mara, itambidi apate zawadi nyingine tano ndipo arudi alikoanzia. Wala hakuna aliyekosea: kampuni imefuata kanuni zake na soko limefuata zake. Aliyekosea ni yeye aliyedhani amebeti kwenye jambo moja, kumbe yalikuwa mawili.

Bila shaka kinyume chake hutokea pia. Mpinzani akijiondoa kabla ya seti ya kwanza kwisha, soko hufuta dau huku kampuni ya mpira mmoja ikilipa pauni 80 zote. Wapo wanaojisifu kwa bahati hiyo. Lakini hapo mtu amerudi kwenye kamari ya kawaida, ambayo alidai ameikimbia.

Katika soka, tofauti nyingi huja pale mechi inapoahirishwa au kukatizwa. Mnamo Desemba 16, 2023, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza baina ya Bournemouth na Luton Town ilisimamishwa katika kipindi cha pili, mabao yakiwa 1-1, baada ya nahodha wa Luton, Tom Lockyer, kuanguka uwanjani moyo wake uliposimama. Alinusurika, na mechi ikarudiwa yote Machi 2024, ambapo Bournemouth ilitoka nyuma kwa mabao 3-0 na kushinda 4-3.

Kwa kanuni za kawaida za kamari, dau la nani atashinda mechi hiyo ya Desemba lilifutwa, lakini dau la nani atafunga bao la kwanza lilibaki halali kwa sababu bao lilikuwa limekwisha kufungwa. Mtu aliyebeti pande mbili katika mechi kama hiyo hupata pesa zake, lakini dau la bwerere lina siku zake za kuisha. Siku hizo zikipita kabla kampuni haijaamua kulirudisha, zawadi imekufa na nauli imelipwa bure.

Tofauti na hayo, kuna makosa halisi ya ulipaji. Karani au mtambo huweka matokeo yasiyo sahihi, mteja akalipwa, na baada ya saa kadhaa akanyang'anywa. Aliyekwisha kuzitoa pesa hizo hukuta akaunti yake ikidaiwa. Pia karibu kila kampuni ina kifungu kinachoiruhusu kufuta dau lililowekwa kwa odi iliyoandikwa kimakosa, mathalani 11.0 badala ya 1.10. Odi inayopendeza kupita kiasi ikilinganishwa na ya soko ni ishara ya hatari, si ya neema: kampuni itaifuta baada ya mechi, ilhali upande wa soko utabaki ulivyo.

Je, mteja ana kinga? Sheria ya Kamari ya 2005, iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka wa 2007, ilifanya madeni ya kamari yaweze kudaiwa mahakamani katika Uingereza, Scotland na Wales. Mwaka wa 2021, Mahakama Kuu jijini London iliiamuru kampuni ya Betfred kumlipa Andrew Green zaidi ya pauni milioni 1.7 alizoshinda katika mchezo wa karata mtandaoni mwaka wa 2018, licha ya kampuni hiyo kudai kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu. Jaji alisema vifungu ilivyovitegemea kampuni havikuwa wazi wala havikuwekwa mbele ya mteja ipasavyo.

Ushindi huo ulichukua miaka mitatu. Mwenye mgogoro wa pauni 65 hawezi kumwajiri wakili. Anaweza kupeleka malalamiko kwa chombo cha upatanishi kama vile IBAS, ambacho hakimtozi mteja ada, lakini swali litakaloulizwa huko ni moja tu: je, kampuni ilifuata kanuni zake? Katika mfano wa tenisi, jibu ni ndiyo.

Hatari ya pili ni ya dakika chache tu, nayo huwapata zaidi wenye haraka. Pande mbili haziwezi kuwekwa kwa sekunde moja. Lazima mmoja utangulie. Mwanafunzi akianza na soko, akaweka zile pauni 19.92, kisha akarudi kwenye kampuni kuweka pauni 20, anaweza kukuta ujumbe kwamba dau la juu analoruhusiwa ni pauni 1.37. Tayari amesimama na upande mmoja wenye dhamana ya pauni 31, na upande wa pili haupo.

Kwa sababu hiyo wazoefu huanza na kampuni, wakasubiri dau likubaliwe, ndipo waende sokoni. Hata hapo pana kikwazo. Soko ni watu, na watu hao huenda hawana fedha za kutosha kwa odi inayoonekana. Katika mechi za ligi ndogo, huenda ukapata wa kuchukua pauni 7 pekee kati ya zile 19.92. Ukisubiri na odi ikapanda hadi 2.80, nauli ya pauni moja inazidi pauni mbili. Mechi ikianza na bao likafungwa, hesabu yote imevunjika.

Dalili za hatari hii huonekana mapema kwa anayetazama. Soko huonyesha kiasi cha fedha kinachosubiri chini ya kila odi. Ikiwa kiasi hicho hakifiki dau linalohitajika, mechi hiyo si ya kuguswa, hata kama tofauti ya odi inavutia.

Hatari ya tatu ndiyo ambayo haiepukiki, na pengine ndiyo inayoeleza vyema biashara nzima ya kamari. Kampuni hazipotezi muda kumtambua anayebeti pande mbili. Mteja wa kawaida hubeti timu anayoipenda na mikeka ya mechi nyingi. Huyu hubeti siku za zawadi tu, hubeti kiasi kile kile kinachotakiwa na sharti, huchagua odi zinazokaribiana na za soko, hagusi michezo mingine na hutoa pesa zake zote mara tu zinapoingia.

Kwanza huondolewa kwenye zawadi. Barua pepe huja kwa lugha ya upole ikimwarifu kwamba akaunti yake haitapokea tena ofa za matangazo. Baadaye dau lake la juu hupunguzwa hadi pauni chache, au hata peni. Mwishowe huenda akaunti ikafungwa.

Hakuna sheria nchini Uingereza inayoilazimisha kampuni kupokea dau la mtu. Ni uamuzi wa kibiashara, na wapatanishi hawauingilii. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilichukua mkondo mwingine mwaka wa 2014, pale mamlaka ya mbio za farasi ilipozilazimisha kampuni kukubali dau za kiwango fulani cha chini hata kutoka kwa wateja wanaoshinda. Huko Uingereza, mteja anayepoteza hukaribishwa na anayepata faida huonyeshwa mlango.

Kwa hivyo mapato ya njia hii yana mwisho unaojulikana. Zawadi ya mteja mpya hutolewa mara moja kwa mtu mmoja, na aghalabu mara moja kwa nyumba moja. Anayezimaliza zote hubaki na zile za wateja wa kawaida, ambazo ni ndogo na zina masharti mazito zaidi, hadi hapo akaunti zitakapofungiwa moja baada ya nyingine. Waliodhani wamepata mshahara hugundua kwamba ulikuwa mgao wa mara moja.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Akaunti zake zikishafungwa, mtu humwomba mwenzake wa chumba, dadake au mwanafunzi aliyewasili juzi kutoka nyumbani amwazime jina, pasipoti na kadi ya benki. Tangu Mei 2019, kampuni za kamari mtandaoni nchini Uingereza hulazimika kuthibitisha utambulisho wa mteja kabla hajabeti. Kutumia jina la mtu mwingine huvunja mkataba, na kampuni ikigundua huzuia pesa zote, zikiwemo zile ambazo mtu alizitia mwenyewe. Pia huweza kuwa udanganyifu kisheria.

Aliyeazima jina ndiye hubaki na mzigo. Pesa zimepita katika benki yake, jina lake ndilo lililo kwenye orodha za kampuni, na miaka michache baadaye akitaka mkopo wa nyumba, taarifa za benki zitaonyesha kamari ambayo hakuicheza. Kwa mgeni anayetegemea akaunti moja ya benki kulipa karo na kodi, kufungiwa akaunti hiyo kwa wiki mbili tu ni balaa.

Je, mbinu hii yaweza kuletwa Kenya? Baadhi ya wanaoinadi mitandaoni husema ndiyo. Tatizo la kwanza ni kwamba hapa hakuna soko la kubetiana lenye fedha za kutosha kwa upande wa pili. Wanaojaribu hulazimika kugawanya matokeo matatu ya mechi baina ya kampuni tofauti, jambo linaloongeza hatari ya kanuni kutofautiana mara tatu badala ya mara mbili.

Tatizo la pili ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazotiwa kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine kwa pesa zinazotolewa. Ushuru huo haujali kama mtu ameshinda au la. Unatozwa kwa pesa zinazoingia na kutoka, na kubeti pande mbili ni kazi ya kuingiza na kutoa pesa nyingi kwa faida kidogo.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Ili aifanye ile kazi yote ilimbidi atie pauni 20 kwenye kampuni na pauni 65.23 sokoni, jumla yake pauni 85.23. Mwishoni alikuwa na takriban pauni 98.90 za kutoa. Kwa viwango vya Kenya, angekatwa zaidi ya pauni 4 akiingia na karibu pauni 5 akitoka. Faida yake ya pauni 13.67 ingeshuka chini ya pauni 5, na bado dhamana iliyo hatarini ingekuwa zile zile pauni 65.23.